Mchanga Haunyonyoki: Siri ya Namba ya Nyuzinyuzi Kwenye Kiroba cha Chakula cha Mifugo

Geuza kiroba chochote cha chakula cha kuku na usome lebo iliyoshonwa mdomoni. Protini imeandikwa "si chini ya". Nyuzinyuzi imeandikwa "si zaidi ya". Mfugaji akiona hivyo anaelewa haraka kwamba protini ni kitu kizuri na nyuzinyuzi ni kitu cha kuvumilia, na kwamba namba ikiwa ndogo chakula ni bora. Kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Lakini ipo njia moja ya kuifanya namba hiyo ipungue ambayo haihusiani kabisa na ubora, nayo ni koleo la mchanga.

Ili tuone inavyowezekana, tuchukue bidhaa moja tu, pumba laini za mpunga, na tuzifuate hadi mezani pa maabara.

Pumba hizi ni ile ngozi nyembamba ya kahawia inayosuguliwa kutoka kwenye punje ili mchele utoke mweupe. Zina mafuta mengi, mara nyingi asilimia 12 hadi 18, zina protini kiasi, na kuku na nguruwe wanazipenda. Maganda ni kitu kingine: ni lile koti gumu la nje la mpunga, ambalo Mbeya na Morogoro utayaona yamelundikwa nyuma ya mashine yakisubiri wachoma matofali. Mashine za hatua mbili hutoa ganda kwanza, kisha husugua punje, hivyo pumba na maganda hutoka kwenye midomo tofauti. Zile za kizamani za kinu kimoja hufanya yote kwa mkupuo, na kinachomwagika chini ni mchanganyiko wa pumba, vipande vya maganda na chenga. Kwa hiyo maganda ndani ya pumba si lazima yawe hila. Pengine ni mashine tu. Ila mfanyabiashara anayesaga maganda na kuyarudisha kwenye pumba laini naye yupo, na kwa macho huwezi kumkamata, maana ganda likishasagwa linafanana na pumba kwa rangi na karibu kwa harufu.

Hapo ndipo kipimo cha nyuzinyuzi ghafi kinapohitajika. Ni kipimo cha zamani mno. Wilhelm Henneberg na Friedrich Stohmann walikiweka sawa miaka ya 1860 katika kituo cha majaribio cha Weende, karibu na mji wa Göttingen, Ujerumani, na mpaka leo mfumo mzima wa kuchambua chakula cha mifugo kwa kugawa unyevu, majivu, protini, mafuta na nyuzinyuzi huitwa kwa jina la kituo hicho. Wazo lao lilikuwa jepesi: chemsha chakula kwenye asidi, halafu kwenye alkali, kisha pima kilichokataa kuyeyuka. Tumbo lina asidi na utumbo una alkali hafifu, kwa hiyo kilichopita vyote viwili bila kuguswa kichukuliwe kuwa ndicho mnyama asichoweza kukisaga. Ufananisho huo una matundu mengi, kama tutakavyoona, lakini utaratibu wenyewe umedumu kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Kazi huanza kwa kusaga. Sampuli hupitishwa kwenye chekeche la matundu ya milimita 1, na hapa si suala la unadhifu. Chembe zikiwa kubwa, asidi haifiki ndani kwa muda uliowekwa na jibu hupanda. Zikisagwa kuwa vumbi, zinapenya kwenye kichujio na kwenda na maji, na jibu hushuka. Baadaye mpimaji hupima gramu 2 kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu au ya elfu kumi ya gramu. Kwa pumba za mpunga kuna hatua isiyorukwa: kuondoa mafuta kwa etha ya petroli. Mafuta huifunika chembe kama koti la mvua, asidi inateleza juu yake, na ukifika kwenye alkali mafuta hayo hugeuka sabuni inayoziba kichujio.

Sampuli isiyo na mafuta huwekwa kwenye bika, na juu yake humiminwa mililita 200 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1.25, ikiwa tayari inachemka. Asidi hii ni nyepesi sana ukilinganisha na ile ya betri ya gari. Nguvu yake inatokana na moto na muda. Juu ya bika huwekwa kondensa, mara nyingi chupa ya duara inayopitisha maji baridi, ili mvuke ugande na kurudi chini. Bila hiyo maji yangepungua, asidi ingekuwa kali zaidi dakika baada ya dakika, na mwishoni ungekuwa umefanya kipimo kingine kabisa. Saa huanza kuhesabiwa pale inapoanza kuchemka, na ni dakika 30 kamili.

Dakika chache za mwanzo ndizo za kukaa macho. Pumba hutoa povu zito la rangi ya kahawia linalopanda ukutani mwa bika na kubeba chembe juu, mahali ambapo asidi haifiki. Mpimaji hudondosha tone la oktanoli, povu linalala, kisha kila baada ya muda huzungusha bika polepole ili chembe zilizoganda pembeni zirudi kwenye kimiminika. Asiyezungusha atapata nyuzinyuzi nyingi kuliko zilizomo, na hatajua kwa nini.

Ndani ya asidi wanga ndio unaoondoka kwanza. Minyororo yake mirefu hukatika kuwa sukari na kuyeyuka. Sukari za kawaida huyeyuka, sehemu ya hemiselulosi, yaani ile gundi ya ukuta wa seli za mmea, nayo hukatika, na madini mengi huachia. Hili la madini tuliweke pembeni, tutalirudia.

Baada ya nusu saa mchanganyiko huchujwa ukiwa wa moto na kuoshwa kwa maji yanayochemka mpaka karatasi ya litimasi ikatae kugeuka nyekundu. Mabaki hurudishwa kwenye bika na kumiminiwa mililita 200 za kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, nayo ikiwa ya asilimia 1.25 na inayochemka. Dakika 30 nyingine. Safari hii kinachoyeyuka zaidi ni protini. Kimiminika hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mabaki ya mafuta hugeuka sabuni na kuondoka. Hemiselulosi iliyobaki huyeyuka kwa wingi, na lignini, ile dutu inayofanya mti uwe mti, nayo humeguka kwa kiasi.

Kuchuja mara ya pili ndiko kunakowatesa watu. Protini iliyovimba kwenye alkali ni utelezi, nao hukaa juu ya kichujio kama uji. Ukivuta kwa nguvu ya pampu tangu mwanzo unaibana na kuziba kabisa. Wazoefu huanza kwa mvuto mdogo, huacha kimiminika kitulie kidogo, na humimina maji ya moto mapema kabla keki haijashikana. Zamani maabara zilitandika asbesto kwenye kichujio ili kisizibe. Siku hizi hutumika nyuzi za kauri au kikombe cha kioo chenye kitako cha vinyweleo, na mapafu ya wapimaji yanashukuru. Mabaki huoshwa tena kwa asidi kidogo ya moto, kwa maji, na mwisho kwa alkoholi, ambayo hufukuza maji na kufanya yakauke haraka.

Kikombe huingia kwenye oveni ya nyuzi 130 kwa saa 2. Kikitoka hupoa ndani ya desiketa, maana kikiachwa mezani hunyonya unyevu wa hewa na uzito hupanda mbele ya macho yako. Kisha kinapimwa. Chini ya kikombe kuna keki nyembamba ya kijivu chenye ukahawia, nyepesi na kavu, inayofanana na karatasi ya boksi iliyoloweshwa ikakauka.

Wengi hudhani hiyo ndiyo nyuzinyuzi. Siyo. Ndani ya keki hiyo kuna vitu viwili vilivyoshinda asidi na kostiki: kimoja ni cha mmea, hasa selulosi na lignini iliyosalia, na kingine ni cha ardhi. Mchanga hauyeyuki kwenye asidi ya salfuriki ya asilimia 1.25, wala nusu saa ya kostiki nyepesi haiutishi. Upo palepale chini ya kikombe, umechanganyika na selulosi, na mizani haina macho ya kuvitenganisha.

Anayevitenganisha ni moto. Kikombe huwekwa kwenye tanuri la nyuzi 550 hadi 600, kulingana na utaratibu unaofuatwa, na kila kilicho hai kwa asili, yaani chenye kaboni, huungua na kuondoka kama hewa. Kinachobaki ni majivu. Hupozwa, hupimwa tena, na tofauti kati ya uzito wa kabla na wa baada ya moto ndiyo nyuzinyuzi ghafi. Kwa hiyo nyuzinyuzi ghafi ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukishika kikiwa peke yake. Tunakijua kwa kile kilichopotea. Kutokana na hilo kuna jambo dogo ninalolipenda: ili kupata nyuzinyuzi huhitaji kujua uzito wa kikombe kitupu. Inatosha kukipima kikiwa na keki, na kukipima tena kikiwa na majivu. Uzito wa kikombe kitupu unauhitaji pale tu unapotaka kujua majivu yenyewe ni kiasi gani, na ndiyo maana maabara nyingi hata haziandiki.

Na hapo ndipo taarifa nzuri inapotupwa.

Tuchukue sampuli tatu za pumba. Namba zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya mfano, lakini nimeziweka pale zinapokaa kwa kawaida. Sampuli ya kwanza ni pumba laini safi. Ya pili ni pumba zilezile, ila katika kila kilo 100 kuna kilo 40 za maganda yaliyosagwa. Ya tatu ni pumba safi zilizoongezwa mchanga laini, kilo 10 katika kila 100, ili kiroba kiwe kizito. Kila moja tumepima gramu 2. Tumeendesha pia kikombe kimoja kisicho na sampuli, kikapitia hatua zote, kikapoteza gramu 0.002 kwenye tanuri. Hicho ni kichujio chenyewe, nasi tutakiondoa kwenye kila hesabu.

Pumba safi: keki kavu ilikuwa gramu 0.204, majivu gramu 0.024. Kilichoungua ni 0.180, toa 0.002 inabaki 0.178. Gawa kwa gramu 2, unapata asilimia 8.9 ya nyuzinyuzi. Majivu ya keki ni asilimia 1.2 ya sampuli.

Zenye maganda: keki gramu 0.554, majivu 0.126. Kilichoungua, baada ya kutoa 0.002, ni 0.426, yaani asilimia 21.3. Majivu ni asilimia 6.3. Namba zote mbili zimeruka, na hilo ni la kutarajiwa, kwa sababu ganda la mpunga lina nyuzinyuzi karibu asilimia 40 na limejaa silika, ambayo mpunga huinyonya kutoka ardhini na kuijenga kwenye koti lake.

Zenye mchanga: keki gramu 0.384, majivu 0.222. Kilichoungua ni 0.162, toa 0.002 inabaki 0.160. Nyuzinyuzi ni asilimia 8.0.

Soma tena hiyo ya mwisho. Mpimaji mvivu angeishia kwenye oveni bila kwenda tanurini, na angeandika nyuzinyuzi asilimia 19. Mchanga ungekuwa umehesabiwa kama majani. Ndiyo sababu ya kwanza ya kuchoma. Lakini mpimaji makini aliyefuata kila hatua ameandika asilimia 8.0, na namba hiyo ni nzuri kuliko ya pumba safi! Mchanga haukuongeza nyuzinyuzi. Umezikimu tu, kwa kuwa sasa sehemu moja kati ya kumi ya kiroba si pumba tena. Viwango vya ubora vya nchi zetu huweka kikomo cha juu cha nyuzinyuzi, kwa hiyo aliyetia mchanga anapita kwenye mlango huo kifua mbele, na aliyetia maganda anakamatwa.

Ukiongea na mpimaji yeyote wa siku nyingi atakuambia kwamba wateja huuliza swali lisilofaa. Mama mfugaji anafika na kifuko chake na kusema, "Kaka, nipimie nyuzinyuzi tu, hela yangu inatosha hicho kimoja." Jibu la kweli ni hili: "Mama, nikipima hicho kimoja, naomba nikuandikie na majivu yaliyobaki kwenye kikombe. Hayaongezi gharama, tayari nimeshayapima." Maana keki ya nyuzinyuzi na majivu yake zikisomwa pamoja, sampuli zetu tatu zinajitenga zenyewe. Nyuzinyuzi chache na majivu machache: pumba. Zote mbili juu: maganda. Nyuzinyuzi chache na majivu mengi: mtu amepita na koleo.

Majivu hayo ni nini hasa? Si majivu yote ya chakula, na tofauti hii ndiyo inayochanganya watu wengi. Pumba za mpunga zikichomwa moja kwa moja, bila kuchemshwa popote, huacha majivu ya karibu asilimia 9 hadi 10. Sehemu kubwa ya hayo ni fosforasi, potasiamu na magnesiamu, madini halali ya mbegu. Kumbuka yale madini tuliyoyaweka pembeni: hayo ndiyo asidi iliyoyayeyusha katika nusu saa ya kwanza na kuyapitisha kwenye kichujio. Yanayobaki kwenye keki ni yale tu yaliyokataa asidi na kukataa alkali, na kati ya madini yanayoweza kuwemo kwenye chakula cha mifugo, anayefaulu mitihani hiyo miwili ni silika, iwe ya mchanga, ya udongo au ya maganda.

Faida yake inaonekana vizuri kwenye chakula cha kuku wa mayai. Kuku huyo anahitaji chokaa nyingi ili apate ganda la yai, hivyo chakula chake kihalali kina chokaa karibu asilimia 10, na majivu yake ya jumla yanaweza kupita asilimia 12 bila hila yoyote. Majivu ya jumla hapo hayakuambii kitu, kwa sababu mchanga unajificha nyuma ya chokaa. Lakini chokaa huyeyuka kwenye asidi. Kwenye majivu ya keki haimo, na mchanga unabaki uchi.

Chokaa hiyohiyo, hata hivyo, ina ubaya wake kwa kipimo. Katika gramu 2 za chakula cha mayai kuna takribani gramu 0.2 za chokaa, nayo hula asidi: karibu sehemu moja kati ya kumi na mbili ya nguvu yote iliyomo kwenye zile mililita 200 huisha kwa kupambana nayo, huku ikitoa gesi na povu la ziada. Asidi iliyobaki ni hafifu kuliko iliyoagizwa. Ndiyo maana utaratibu wa kimataifa wa ISO 6865 unaelekeza kwamba sampuli yenye kabonati zaidi ya asilimia 5 ioshwe kwanza kwa asidi ya haidrokloriki nyepesi, kabla ya yote. Ukiona maabara inapima chakula cha kuku wa mayai bila hatua hiyo, ulizia.

Majivu yenyewe yanasema kwa macho na kwa mkono pia. Ya mchanga ni mazito, yana chembe zinazong'aa, na ukipitisha kijiti cha kioo juu yake husikika yakikwaruza. Ya maganda ni mepesi na meupe, na chini ya lenzi ya mkono unaona vipande vilivyohifadhi umbo la ganda, matuta yake yote, ingawa hakuna tena mmea ndani yake. Ni mifupa ya silika iliyosimama baada ya nyama kuungua. Weupe huo unatokana na ile asidi ya mwanzo. Maganda yakichomwa bila kuoshwa hubaki na madoa meusi, kwa kuwa potasiamu huyeyusha silika na kufungia kaboni ndani. Asidi ikishaondoa potasiamu, kaboni inapata njia ya kutoka. Kwa hiyo ukikuta weusi kwenye kikombe chako baada ya tanuri, shaka ya kwanza ni kwamba muda au joto halikutosha. Rudisha tanurini, kwa sababu kaboni hiyo ni nyuzinyuzi ambayo bado hujaihesabu.

Isichukuliwe kwamba majivu ya keki ni hukumu ya mwisho. Silika ya maganda haina fuwele kama ya mchanga. Ni laini zaidi kwa asili, na kostiki inayochemka huiyeyusha kiasi. Majivu ya keki yatakuonyesha karibu mchanga wote lakini yatapunguza kidogo silika ya maganda. Anayetaka namba ya kupeleka mbele ya mkaguzi hufanya kipimo kingine kinachojitegemea: huchoma chakula kwanza, huchemsha majivu kwenye asidi ya haidrokloriki, huchuja, na huchoma tena. Hakuna alkali humo, kwa hiyo silika haiibiwi. Kipimo hicho ndicho kinachowafaa wauza dagaa pia. Dagaa wanaoanikwa juu ya mchanga ufukweni mwa Ziwa Viktoria hubeba mchanga mwingi hadi kiwandani, na kwa kuwa samaki hana nyuzinyuzi za mmea, hakuna anayefikiria kumpima nyuzinyuzi.

Tukirudi kwenye nyuzinyuzi zenyewe, kuna kosa moja lililojengwa ndani ya kipimo ambalo uangalifu wa mpimaji hauwezi kulirekebisha. Tuliona kwamba kostiki huondoka na hemiselulosi nyingi na sehemu ya lignini. Lignini haisagwi na kuku, haisagwi na nguruwe, na hata vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe haviiwezi. Kwa haki ingehesabiwa kwenye nyuzinyuzi yote. Badala yake, ile iliyoyeyuka haionekani popote kwenye vipimo, na kwa kuwa wanga huwa haupimwi bali hupatikana kwa kutoa kila kitu kingine kutoka 100, lignini hiyo huangukia kwenye kapu la wanga na sukari. Kwenye karatasi inasomeka kama nishati. Upande wa pili, selulosi iliyobaki kwenye keki, ambayo tumeihesabu kuwa haisagiki, ng'ombe anaisaga vizuri tu. Kwa baadhi ya nyasi na mabua, kile kinachoitwa nyuzinyuzi husagwa tumboni kuliko kile kinachoitwa wanga.

Peter Van Soest, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha kilimo cha Beltsville, Marekani, aliliona tatizo hilo na katika miaka ya 1960 akaacha asidi na kostiki za Weende. Alichemsha malisho kwenye sabuni za kimaabara, moja isiyo na uchachu na nyingine yenye asidi, akapata makundi mawili ya nyuzi yanayotenganisha hemiselulosi na kuiacha lignini mahali pake. Anayelisha ng'ombe wa maziwa majani ya tembo au mabua ya mahindi anapaswa kuuliza namba hizo. Zile za Weende zitampotosha.

Kwa kuku hali ni tofauti. Chakula chake ni nafaka, mashudu na pumba, lignini humo si nyingi isipokuwa maganda yameingizwa, na kuku hana tumbo la kuisaga selulosi kwa kiasi cha maana. Hapo namba ya zamani bado inafanya kazi yake: ikiruka, kuna kitu kimeingia. Sheria na viwango vimeandikwa kwa namba hiyo, lebo zimechapishwa kwa namba hiyo, na kuibadilisha kungetaka kuanza upya rejesta nzima.

Inachotaka ni kufuatwa neno kwa neno, kwa sababu haipimi dutu fulani iliyopo duniani. Inapima kilichosalia baada ya utaratibu fulani. Badilisha utaratibu, umebadilisha kitu. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100; Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka karibu na nyuzi 94. Zote ni "kuchemka" kwa mujibu wa kitabu, lakini asidi ya nyuzi 94 hukata polepole zaidi. Maabara makini hazibishani na milima. Huweka pembeni ya kila mkupuo sampuli moja ambayo nyuzinyuzi zake zinajulikana, na jibu lake likitoka nje ya mipaka, mkupuo wote hurudiwa. Vilevile kila sampuli hupimwa mara mbili kwa pamoja, na majibu mawili yakipishana sana, sababu ya kawaida ni kichujio: kimoja kilipitisha, kingine kiliziba.

Kwa hiyo ukipeleka pumba zako kupimwa, iwe kwenye maabara ya chuo kikuu au kwenye Wakala wa Maabara ya Veterinari, usiridhike na karatasi yenye asilimia moja tu. Omba mapema wakuandikie mambo mawili: uzito wa kikombe kitupu, na uzito wake kilipotoka tanurini. Toa kimoja kwenye kingine, gawa kwa uzito wa sampuli, zidisha kwa 100. Ukipata moja au mbili, lipa mwenye pumba. Ukipata kumi na moja huku nyuzinyuzi zikiwa nane, bei ya kilo mliyokubaliana ijadiliwe upya, kwa sababu katika kila kiroba cha kilo 50 unabeba kilo tano za mchanga hadi bandani.